Kutafsiri slaidi za mafunzo kwa Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watafsiri, wakufunzi na maafisa wa miradi hapa Nairobi ambao hupokea faili la PowerPoint kwa Kiingereza na kutakiwa walirudishe kwa Kiswahili kabla mafunzo hayajaanza. Mifano yote nimeitoa kwenye mada moja: kumhudumia mtoto anayehara, kama inavyofundishwa katika mwongozo wa WHO na UNICEF ujulikanao kama IMCI. Nimeichagua kwa sababu wahudumu wa afya ya jamii hufunzwa mada hii, kutoka Kawangware hadi Kayole, na kwa sababu humo neno moja likidondoka unaona mara moja ni mtoto gani ameathirika. Mifano inaonyesha kazi ya kutafsiri tu. Vipimo utakavyoandika ni vile vilivyomo kwenye slaidi ulizokabidhiwa.

Kwa nini pointi iliyokuwa fupi kwa Kiingereza inarefuka ikifika Kiswahilini?

Mara nyingi ni kwa sababu mtafsiri amelitafsiri jina kwa jina. Slaidi za Kiingereza hupenda kugeuza vitendo kuwa majina na kuyapanga bila viunganishi. Kiswahili hakiwezi kuyapanga hivyo. Kila jina linalofuata linadai kiungo chake: wa, ya, za, kwa. Matokeo yake ni pointi kama hii, ambayo nimeiona kwa sura nyingi:

> Utoaji wa ushauri kwa akina mama kuhusu umuhimu wa kuendelea kwa unyonyeshaji wakati wa kuhara kwa mtoto

Hayo ni maneno 17, na msomaji anafika mwisho bila kuambiwa afanye nini. Kitenzi cha Kiswahili kina nguvu ambayo majina hayo yameizima. Ndani ya neno moja kinabeba mtenda, wakati na mtendewa, na kinaweza kubeba hata sharti. Ukirudi kwenye kitendo unapata:

> Mwambie mama aendelee kumnyonyesha mtoto anayehara

Maneno 6. Anayeambiwa yumo, anayenyonyesha yumo, mtoto yumo na hali yake imo. Kilichoondoka ni "umuhimu", na umuhimu ni jambo ambalo mkufunzi atalieleza kwa mdomo.

Kwa hiyo ukiona pointi yako ina viunganishi vitatu au vinne vya -a vinavyofuatana, usianze kutafuta visawe vifupi. Uliza kwanza: nani anafanya nini hapa? Jibu la swali hilo, likiandikwa kwa kitenzi, kwa kawaida ndilo pointi yenyewe.

Niandike "mpe", "kumpa" au "apewe"?

Kiingereza cha slaidi hukwepa swali hili, maana kitenzi huachwa peke yake bila mtenda. Kiswahili hakikuruhusu kukwepa, kwa hiyo uamuzi ni wako, na ni uamuzi wa maana kabisa wala si wa mtindo.

"Mpe" ni agizo kwa huyu anayesoma. Linafaa pale mhudumu anapokuwa peke yake nyumbani kwa mgonjwa na hatua ni yake. Usiogope umoja kwa kuwa ukumbini kuna watu thelathini. Kila mmoja atafanya kazi hiyo akiwa peke yake, na "mpeni" inasikika kana kwamba watamshika mtoto kwa pamoja. "Kumpa" linafaa kwenye orodha ya kazi au malengo ya somo, ambako hakuna anayeamrishwa. "Apewe" linasema jambo lifanyike bila kusema na nani. Linafaa tu pale ambapo mtu yeyote anaweza kulifanya.

Hatari kubwa iko kwenye rufaa. Slaidi ya Kiingereza ina neno moja la rufaa na kielezi cha haraka. Kiswahilini hilo linaweza kuwa "Mpeleke kituoni mara moja", yaani wewe mhudumu unafuatana naye. Linaweza kuwa "Mwandikie rufaa mara moja", yaani unajaza fomu ya MOH 100 na mzazi anaenda mwenyewe. Likiandikwa "Apelekwe mara moja", kila mtu ukumbini atadhani ni kazi ya mwingine. Hizi ni kazi tatu tofauti, na huwezi kuchagua kwa kuangalia nafasi iliyobaki kwenye slaidi. Mpigie simu aliyeandaa somo umuulize.

Ukishachagua umbo moja, lishikilie kwa orodha nzima. Orodha inayoanza na "Mpe", ikafuatiwa na "Kuendelea kumlisha" na kumalizikia "Arudishwe" inamlazimisha msomaji kujiuliza kila mstari kama anayezungumziwa amebadilika.

Kuna mtego mmoja zaidi. "Mshauri mama" ni agizo zuri, lakini slaidi haina sentensi za kuizunguka, na "mshauri" ni jina pia. Mtu anaweza kusoma kwamba kuna mama ambaye ni mshauri. Kwenye slaidi huwa naandika "Mwambie" au "Mweleze".

Nikitaka kufupisha, nipunguze nini na nisiguse nini?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo twende taratibu kwa mfano mmoja.

Katika mwongozo wa IMCI mtoto anayehara hupimwa kama amepungukiwa na maji mwilini. Slaidi inayofundisha jambo hili huwa na orodha mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu: upande mmoja upungufu mkubwa, upande wa pili upungufu wa kiasi. Kila orodha ina dalili nne, na juu yake kuna maelezo kwamba mtoto anaingia kundi hilo akiwa na dalili mbili kati ya hizo. Sasa tazama tafsiri hii, ambayo ni fupi na inapendeza machoni:

> Upungufu mkubwa wa maji
> - Mlegevu, kupoteza fahamu
> - Macho kudidimia
> - Kutokunywa
> - Ngozi kurudi polepole
>
> Upungufu wa kiasi
> - Kutotulia
> - Macho kudidimia
> - Kiu
> - Ngozi kurudi polepole

Mchukue mtoto mmoja mwenye macho yaliyodidimia na ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa inarudi polepole. Yuko kundi gani? Kwa tafsiri hii yuko makundi yote mawili, kwa sababu mistari miwili ya orodha ya kwanza inafanana neno kwa neno na mistari miwili ya orodha ya pili. Katika mwongozo wenyewe hakuna utata huo. Ngozi ikirudi *polepole sana*, kwa zaidi ya sekunde 2, hiyo ni dalili ya upungufu mkubwa. Ikirudi *polepole*, ni ya upungufu wa kiasi. Mtafsiri aliona "sana" kuwa ni pambo akaliondoa. Tofauti iliyopotea ni kati ya mtoto anayehitaji kuongezewa maji kwa mshipa haraka na mtoto anayenyweshwa ORS kituoni kwa saa 4 huku akiangaliwa.

Hilo ndilo kosa kubwa zaidi, ila si la pekee. Sharti la dalili mbili limetoweka kwenye vichwa, na bila hilo mhudumu anaweza kumweka mtoto kwenye kundi kwa dalili moja tu, au akangoja zitimie zote nne. "Kutokunywa" hakusemi kama mtoto hataki, hajapewa au hawezi. Mwongozo unasema hawezi, au anakunywa kwa shida, na hiyo nusu ya pili imeachwa nje. "Kiu" peke yake hakutoshi, maana kinachotazamwa ni jinsi anavyokunywa anapopewa. Na "mlegevu" katika mazungumzo ya kawaida ni mtu asiyejituma.

Tafsiri ninayoipendekeza ni hii:

> Upungufu mkubwa wa maji: dalili 2 au zaidi
> - Amelegea mno au amezirai
> - Macho yamedidimia
> - Hawezi kunywa, au anakunywa kwa shida
> - Ngozi ikifinywa hurudi polepole sana (zaidi ya sekunde 2)
>
> Upungufu wa kiasi: dalili 2 au zaidi
> - Hatulii, analialia
> - Macho yamedidimia
> - Akipewa maji anakunywa kwa pupa, ana kiu
> - Ngozi ikifinywa hurudi polepole

Imerefuka, ndiyo, lakini bado hakuna pointi ya sentensi mbili. Nafasi imeokolewa mahali pengine. Sijaandika "mtoto" kwenye kila mstari kwa sababu kiambishi cha kitenzi kinamtaja. Sijaandika kwamba ngozi hufinywa tumboni, kwa kuwa mkufunzi ataonyesha kwa mkono wake. Sijaandika "dalili ya" mbele ya chochote, kwa kuwa kichwa kimeshasema hizi ni dalili.

Ukiyatazama niliyoyalinda utaona ni ya aina chache: idadi na vipimo, ukanushi, sharti, kiwango (sana, kiasi, zaidi, huenda, lazima), na nani anafanya. Hayo hayaguswi hata pointi ikilazimika kuingia mstari wa pili. Vinavyoweza kuondoka ni sababu, mifano, maneno ya kusifu au kukumbusha, na chochote ambacho kichwa cha slaidi au picha imeshakisema.

Je, kuna maumbo ya Kiswahili yanayofupisha bila kupoteza sharti?

Yapo, na watafsiri wengi huyasahau kwa kuwa macho yao yameganda kwenye Kiingereza. Tumia -ki-, -po-, -sipo- na -ja-. Badala ya "Endapo itatokea kwamba mtoto atatapika", andika "Akitapika". Badala ya "Iwapo hali ya mtoto haitakuwa imeimarika", andika "Asipopata nafuu".

Mwongozo unasema mtoto akitapika maji ya ORS, mlezi angoje dakika 10, kisha aendelee kumpa, lakini polepole zaidi. Pointi yake:

> Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole zaidi

Hapo sharti, muda, kitendo na kiwango vyote vimo kwenye mstari mmoja. Angalia "zaidi". Ukiliondoa, unamwambia mlezi aendelee kwa kasi ileile iliyomtapisha mtoto, mradi yeye aliiona kuwa ya polepole.

Umri na vipimo vinaandikwaje? "Hadi" inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Katika IMCI, umri ukitajwa kwamba unafika miaka 5, maana yake ni kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Aliyekwisha kutimiza hayumo. Kiswahili "miezi 2 hadi miaka 5" kwa masikio ya wengi kinamjumlisha mwenye miaka 5. Kwenye mpaka wa dozi tatizo linakuwa kubwa zaidi. Pendekezo la WHO na UNICEF la mwaka 2004 kuhusu zinki ni miligramu 10 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Kwa tembe za miligramu 20, watu wengi huandika hivi:

> - Miezi 2 hadi 6: nusu tembe
> - Miezi 6 hadi miaka 5: tembe 1

Mtoto aliyetimiza miezi 6 leo yuko kwenye mistari yote miwili. Andika:

> - Hajatimiza miezi 6: nusu tembe kila siku
> - Ametimiza miezi 6: tembe 1 kila siku
> - Siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma

"Hajatimiza" na "ametimiza" vinakata mpaka mahali pamoja, na msomaji haachiwi shaka. Mipaka ya nje, miezi 2 na miaka 5, iweke kwenye kichwa mara moja: "Zinki: kuanzia miezi 2, kabla ya kutimiza miaka 5". Hapo "hadi" ya siku 10 hadi 14 haina shida, kwa kuwa siku zote mbili za mwisho zinakubalika.

Mstari ule wa tatu nao una kipande ambacho watu hupenda kukiondoa ili mistari ilingane urefu: "hata kuhara kukikoma". Kibakize. Mlezi yeyote mwenye busara zake ataacha dawa mtoto akipona, kama hakuambiwa vinginevyo.

Kama slaidi ulizopewa zinataja siku 10 tu, andika 10. Mtafsiri harekebishi dozi. Akiona tofauti anaiandika pembeni na kumuuliza mwenye kazi.

Maneno yaliyobaki niyapeleke kwenye sehemu ya Notes?

Sababu, mifano, namna ya kuonyesha kwa vitendo na maswali ya kuuliza darasa, ndiyo, yapeleke huko. Mkufunzi atakushukuru. Chini ya slaidi ile ya dalili ningeandika kwenye `Notes`: "Onyesha namna ya kufinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu. Hesabu sekunde kwa sauti. Uliza: mtoto anayekunywa kwa pupa anatofautianaje na anayekunywa kawaida?"

Lakini fikiria slaidi hizo zitaishia wapi. Hapa Nairobi mafunzo yakiisha, faili hubadilishwa kuwa PDF na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Faili likihifadhiwa kama PDF kwa njia ya kawaida, huwa na slaidi tu. `Notes` haziendi, isipokuwa aliyehifadhi amechagua `Notes Pages`. Mhudumu anayeifungua simu yake wiki mbili baadaye akiwa mlangoni kwa mgonjwa ana slaidi peke yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuhamisha kipande chochote ni hili: mtu asiyesikia sauti ya mkufunzi anaweza kukosea akikikosa? Kama ndiyo, kinabaki juu ya slaidi, hata ikibidi slaidi moja iwe mbili.

Naruhusiwa kuigawa slaidi moja kuwa mbili?

Ruhusa ni ya mwenye kazi, ila iombe mapema, maana mara nyingi hupatikana. Orodha mbili za kulinganishwa, kama zile za upungufu wa maji, usizitenganishe. Faida yake yote ni kuonekana pamoja. Gawa slaidi za hatua zinazofuatana, kwa mfano kutayarisha ORS upande huu na kumpa mtoto upande ule. Ukigawa, angalia namba za slaidi kwenye kitabu cha mkufunzi na vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja kwa kubonyeza, kwa sababu mpangilio wao hufuata aya. Ukiunganisha au kugawa pointi, mpangilio huo huvurugika.

Maneno hayatoshi kwenye kisanduku. Nipunguze saizi ya herufi?

Kabla hujapunguza, angalia kama PowerPoint haijakupunguzia tayari. Visanduku vingi huwa vimewekwa `Shrink text on overflow`, na kila ukiongeza neno herufi zinajikunja kimyakimya. Unamaliza kazi ukiwa na slaidi moja ya herufi kubwa na inayofuata ya herufi ndogo, na hukuamua hivyo. Mimi hubadilisha kuwa `Do not Autofit` tangu mwanzo. Maneno yakizidi yanamwagika nje ya kisanduku, nayaona, nayashughulikia mwenyewe.

Hatua zangu ni kwa mpangilio huu: kwanza narudi kwenye pointi kuona kama bado kuna jina linaloweza kuwa kitenzi, kisha napanua kisanduku, maana slaidi nyingi zina ukingo mkubwa usiotumika, kisha naomba kugawa slaidi. Herufi ndizo za mwisho, na sishuki chini ya 24 kwa pointi za kawaida. Kumbi tunazofundishia, za makanisa na za machifu, mara nyingi hazina mapazia, na mwanga wa mchana hufifisha projekta. Aliye safu ya nyuma hataona herufi za 18.

Majedwali yanahitaji jicho la peke yake. Vitenzi vyetu ni virefu bila nafasi katikati, na safu ikiwa nyembamba kuliko neno, PowerPoint hulikata popote, ukapata "anapomnyonye" juu na "sha" chini. Panua safu au tumia neno jingine. Usiingize kistari kwa mkono, kwa kuwa mtu akibadilisha saizi kitabaki katikati ya mstari.

Na usitegemee `Outline View` kukuonyesha maneno yote ya slaidi. Huonyesha vichwa na matini kuu tu. Maneno yaliyo kwenye visanduku vilivyoongezwa, majedwali na michoro hayaonekani humo, na ndiyo hubaki kwa Kiingereza siku ya mafunzo.

Washiriki wangu huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Niandike sanifu?

Andika Kiswahili sanifu chepesi, na ubakize neno ambalo mshiriki atakutana nalo kwenye kitu chenyewe. Pakiti imeandikwa ORS, kwa hiyo slaidi iseme ORS. Ukiandika jina refu la maji ya chumvi na sukari, kuna atakayedhani unamwambia achanganye jikoni. Usibuni vifupisho vipya vya Kiswahili kwa ajili ya kuokoa nafasi. Kifupisho ambacho darasa halijawahi kukiona kinahitaji maelezo, na maelezo yanakula nafasi uliyookoa.

Kwa kuhara, "kuhara" ndilo la kuandika. Akina mama wengi watasema "kuendesha", na mkufunzi alijue hilo ili alitumie akizungumza nao. Liwekwe kwenye `Notes`.

Saa kwenye ratiba nizibadilishe?

Ndiyo. 8:00 ya asubuhi inakuwa saa 2:00 asubuhi, na neno "asubuhi" lisiondolewe hata nafasi ikiwa finyu. Muda wa kuhesabu haubadiliki: saa 4 za kunywesha ORS ni saa 4 za kuhesabu, na ili zisidhaniwe ni saa nne ya asubuhi, andika "kwa muda wa saa 4".

Nitajuaje kama maana imebaki kamili?

Kusoma tafsiri yako huku Kiingereza kikiwa pembeni hakusaidii sana, kwa sababu kichwa chako kinajaza kilichopungua bila wewe kujua. Mpe slaidi za Kiswahili mtu ambaye hajaziona za Kiingereza, awe wa kiwango cha washiriki, na umpe mifano ya watoto wa kuwapanga kwenye makundi. Uchague watoto wa mpakani, maana walio katikati hupangwa vizuri hata na slaidi mbovu.

Kwa slaidi zetu ningemuuliza hivi. Mtoto ana macho yaliyodidimia, ngozi inarudi polepole kwa sekunde 1, anakunywa kwa pupa: yuko orodha gani? Mtoto ana kiu na anakunywa kwa pupa, hana dalili nyingine yoyote: anaingia upungufu wa kiasi? (Haingii, ana dalili moja.) Mtoto ametimiza miezi 6 jana: nusu tembe au nzima? Mtoto ameacha kuhara siku ya nne: zinki inaendelea? Umemwandikia mtoto rufaa: nani anampeleka?

Anapojibu vibaya usimweleze. Muombe akuonyeshe mstari uliompa jibu hilo. Huo ndio mstari wa kurekebisha. Akijibu vizuri lakini kwa kusitasita, tazama kama alijibu kutoka kwenye slaidi au kwa uzoefu wake wa kazini. Wahudumu wa miaka mingi watakupa jibu sahihi hata kwa slaidi isiyosema kitu, kwa hiyo tafuta angalau mmoja aliye mpya.

Jaribio hili huchukua muda mfupi kuliko watu wanavyodhani, na huhitaji kulifanya kwa slaidi zote. Zipe kipaumbele zenye namba, zenye orodha mbili za kulinganisha, na zenye "usi-".

Nitoze kwa neno au kwa slaidi?

Ukitoza kwa maneno ya Kiswahili unajiadhibu kwa kila neno unaloliondoa, na kufupisha ndiko kunakochukua muda. Ukitoza kwa slaidi, slaidi yenye picha moja na ile yenye jedwali la dozi zina bei sawa. Kinachofaa ni kuhesabu maneno ya Kiingereza, pamoja na yaliyo kwenye `Notes`, michoro na majedwali, kisha kuongeza malipo ya saa kwa ajili ya kupanga slaidi na kufanya lile jaribio la watoto wa mpakani. Yataje hayo mawili kwenye makubaliano kama kazi zinazojitegemea, ili mteja akitaka kupunguza gharama ajue ni kipi hasa anachokiondoa.